Pole Si Ahadi: Namna ya Kumjibu Mwenye Dai Kabla Uchunguzi Haujaisha

WARAKA WA NDANI
Kwa: Maofisa wa kitengo cha madai, makao makuu na matawini, pamoja na dawati la huduma kwa wateja
Kutoka: Kitengo cha Uzingatiaji wa Sheria
Kuhusu: Maneno ya kuandika, na ya kuepuka, katika majibu ya madai ya magari

Chukua simu ya kazi, rudi kwenye majibu uliyowatumia wateja wiki iliyopita, utafute maneno haya: "usijali", "haina shida" na "malipo yako". Ukiyakuta kwenye dai ambalo bado linachunguzwa, huenda umeshamwahidi mtu fedha za kampuni bila mwenyewe kujua.

Hakuna ofisa wetu anayeandika "tunaahidi kukulipa". Ahadi zetu hupitia mlango wa uani. Huingia na maneno ya kumfariji mteja, na herufi mbili za "-ta-", na kale kaneno "yako" kanakoning'inizwa nyuma ya fidia. Mteja aliyetoka kwenye ajali haisomi barua kama wakili. Anatafuta ndani yake jambo moja tu, kama atalipwa au hatalipwa, na akiliona hata kivuli chake hulishika kwa mikono miwili.

Waraka huu unahusu kipindi kimoja: tangu mteja anapotoa taarifa ya ajali hadi kamati ya madai inapotia saini uamuzi wake. Katika kipindi hicho hakuna mtu ndani ya kampuni anayejua kama dai litalipwa. Asiyejua hawezi kuahidi kulipa, wala hawezi kutangaza kwamba hatalipa. Anachoweza ni kusema ukweli wa hatua tuliyofikia, na kazi hiyo ina maneno yake.

1. Neno lako linavyoifunga kampuni

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, ina kanuni ya zamani ambayo kila ofisa wa madai anapaswa kuielewa. Ukimfanya mtu aamini jambo kwa kauli yako, kwa kitendo chako au kwa kuacha kutenda, naye akachukua hatua kwa kutegemea imani hiyo, huruhusiwi baadaye kusimama mbele ya hakimu ukalikana. Kanuni hii humlinda mtu aliyetegemea neno la mwenzake.

Iko kanuni ya pili, ya kuachia haki. Kampuni ikijua kwamba ina sababu ya kukataa dai, kisha ikaendelea kumtendea mteja kana kwamba sababu hiyo haipo, inaweza kuhesabiwa kuwa imeiachia. Hapa hoja kubwa ni kile kampuni ilichokijua na ilichofanya baada ya kukijua.

Tofauti ya kanuni hizi mbili ndiyo inayokuonyesha siku za hatari. Siku ya kwanza hatujui lolote, hivyo hatari iko kwenye maneno yako: mteja akiyategemea akapeleka gari gereji na kukopa fedha, tumeshikwa na kanuni ya kwanza. Siku ripoti ya mchunguzi inapotua mezani, hatari inahama. Sasa tunajua. Kuanzia saa hiyo kila barua, kila kibali na kila ombi la nyaraka linalotoka bila kutaja kile tulichokijua linaweza kusomwa kama kuachia haki. Wengi wetu huwa makini siku ya kwanza na kulegea siku ya ripoti, kwa kudhani kazi ngumu imekwisha. Siku ya ripoti inataka umakini zaidi.

Sisemi kwamba kila "usijali" itatushinda kwenye kesi. Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au mahakama itatazama nani alisema, alikuwa na mamlaka gani, na mteja alifanya nini baada ya kuambiwa. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji hakimu. Mteja aliyeambiwa "haina shida" akakopa, kisha dai likakataliwa, ameumizwa mara mbili, na mara ya pili ameumizwa na sisi. Bima inasimama juu ya nia njema ya pande zote mbili. Tunamdai mteja aseme ukweli wote kwenye fomu ya maombi, na yeye anatudai ukweli huohuo anapopata ajali.

2. Mahali ahadi inapojificha

*Katika faraja.* Pole haijawahi kuifunga kampuni. "Pole sana kwa ajali, tunashukuru hakuna aliyeumia" ni utu, na usiache kuiandika. Tatizo linaanza pale faraja inapogusa fedha. Mteja akiuliza "mtalitengeneza gari langu?" nawe ukajibu "usijali mama", hiyo si faraja tena, hilo ni jibu, na jibu lenyewe ni ndiyo. Vivyo hivyo kwa "sawa" na kile kidole gumba cha WhatsApp. Ukitaka kuonyesha kwamba umeusoma ujumbe, andika "nimeusoma ujumbe wako". Mfariji mtu kwa yaliyompata, na suala la fedha liache wazi.

*Katika neno "yako".* "Fidia yako iko kwenye mchakato." "Malipo yako yanashughulikiwa." Kiswahili kikishasema "yako" kimeshagawa. Mteja anasikia kwamba fidia ipo, ni yake, na kilichobaki ni makaratasi. Kitu pekee ambacho ni chake katika hatua hii ni dai, basi andika "dai lako". Papo hapo jihadhari na "tumelikubali dai lako", ambayo baadhi yetu huiandika tukimaanisha tu kwamba fomu imefika. Fomu ikifika, dai *limepokelewa*. Neno *limekubaliwa* ni la kamati.

*Katika "baada ya".* Soma sentensi hii: "Utalipwa baada ya uchunguzi kukamilika." Aliyeiandika alidhani amejikinga kwa kutaja uchunguzi. Kwa kweli ameugeuza uchunguzi kuwa foleni, kwamba ukikaa ukangoja zamu yako, mwisho wake ni malipo. Sentensi iliyo salama ni hii: "Uchunguzi ukikamilika, tutakupa uamuzi kwa maandishi." Sikukatazi "-ta-". Itumie kwa yale yaliyo mikononi mwako: tutakupigia, tutamtuma mkadiria hasara, tutakuandikia. Usiitumie kwa jambo linalosubiri uamuzi.

*Katika sharti lililopungua.* Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine: "Ukikamilisha nyaraka, tutakulipa." Linaonekana la busara kwa kuwa lina sharti ndani yake. Lakini umemwambia mteja kwamba sharti ni moja tu, nyaraka. Kesho anakuja na leseni ya dereva, kadi ya gari, fomu ya dai iliyojazwa na karatasi za polisi. Ametimiza. Akikudai utimize upande wako, yeye ndiye mwenye haki katika mazungumzo hayo. Andika hivi: "Nyaraka hizi zinatuwezesha kuendelea na uchunguzi. Kuzipokea si kukubali dai."

*Katika ukweli uliowekwa mahali pasipo pake.* "Gari lako lina bima kubwa" inaweza kuwa kweli tupu. Ikiandikwa kama jibu la "nitalipwa?" inageuka ahadi. Bima kubwa ina masharti, matumizi yaliyoruhusiwa na majanga yaliyotengwa. Kwanza hakiki hati kwenye TIRA MIS, uone gari, tarehe na aina ya bima. Kisha andika: "Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa gari lilikuwa na hati ya bima kubwa tarehe ya ajali. Kinachochunguzwa sasa ni kama ajali hii inaangukia ndani ya masharti ya hati hiyo."

3. Mfano: Noah iliyogonga lori Kibaha

Mfano huu nimeutunga kutokana na aina ya madai tunayoyapokea. Gari ni Toyota Noah, limekatiwa bima kubwa kwa thamani ya shilingi 18,000,000, na kwenye fomu ya maombi limeandikwa "matumizi binafsi". Mwenye gari ni mama wa Tabata. Jumamosi jioni mtoto wa dada yake alikuwa akiliendesha kwenye Barabara ya Morogoro, akaligonga kwa nyuma lori lililokuwa limeegeshwa karibu na Kibaha. Saa 1:40 usiku mama akamwandikia ofisa wa zamu:

"Mwanangu, gari limegonga lori Kibaha. Kijana mzima, ila mbele kumekwisha. Nina bima kubwa kwenu. Nifanyeje? Mtalitengeneza?"

Ofisa, kwa moyo mwema kabisa, akajibu:

"Shikamoo mama, pole sana! Usijali, una bima kubwa, haina shida. Lipeleke gereji nzuri waanze, halafu utuletee risiti na PF 90, tutakurudishia."

Hesabu ahadi. "Usijali" imejibu swali la matengenezo. "Una bima kubwa" imetoa sababu ya jibu hilo. "Lipeleke gereji waanze" ni ruhusa ya kazi. "Tuletee risiti na PF 90" ni sharti lililopungua, na "tutakurudishia" imepiga muhuri. Ujumbe wa mistari miwili umefanya kazi ya kamati nzima.

Mama akalitegemea neno. Jumatatu fundi alimpa makadirio ya shilingi 4,200,000, akitaka 1,500,000 za kuanzia. Akazikopa kwenye kikundi chake cha vikoba. Fundi akaifungua bampa, rejeta na taa, na siti za nyuma nazo zikatolewa ili kunyoosha bodi. Mkadiria hasara alipofika Jumatano hakukuta gari lililopata ajali. Alikuta gari lililokwisha kufunguliwa.

Wiki ya pili mchunguzi akaleta taarifa. Mashahidi wawili wa eneo la ajali wanasema ndani ya Noah walikuwamo abiria sita, na mmoja wa mashahidi hao anasema abiria hao walilipa nauli kutoka Mbezi kwenda Chalinze. Leseni ya kijana ni ya daraja D, ambalo si daraja la kuendesha gari la abiria. Hati ya bima haifidii hasara inayotokea gari likitumika kubeba abiria kwa malipo.

Angalia tulipofika. Kama taarifa ni sahihi, kampuni ina sababu ya kukataa. Lakini mama anatoa simu na kuonyesha ujumbe wa ofisa wetu, na maneno yake ni mazito: "Mngeniambia mnachunguza, nisingekopa." Tukikataa, mgogoro hauhusu tena abiria wa Noah, unahusu ahadi yetu. Na kuna hasara ya pili isiyoonekana upesi. Inawezekana wale abiria walikuwa ndugu waliokuwa wakienda msibani, na shahidi wa nauli amekosea. Siti zilizong'olewa na gari lililofunguliwa vimepunguza uwezo wa mchunguzi kuuthibitisha huo ukweli ambao ungemsaidia mama mwenyewe. Ahadi ya mapema imewadhuru wote wawili, mama na kampuni.

Sasa tazama jibu ambalo ofisa angeliandika usiku uleule:

"Shikamoo mama. Pole sana kwa ajali, tunashukuru kijana ametoka salama. Taarifa yako tumeipokea leo Jumamosi saa 1:40 usiku. Naomba ufanye mambo mawili. Kwanza, kama bado hamjaripoti polisi, ripotini sasa mpate PF 90. Pili, gari likae mahali salama, lisifunguliwe wala kutengenezwa hadi mkadiria hasara wetu alione. Atakupigia Jumatatu kabla ya saa 6 mchana. Kuhusu matengenezo, leo siwezi kukujibu ndiyo wala hapana, kwa sababu uamuzi hutolewa uchunguzi ukikamilika. Uamuzi ukitoka tutakuandikia, pamoja na sababu zake. Ukilipia gari la kuvuta, tunza risiti. Nayo itaamuliwa pamoja na dai."

Jibu hili ni refu kidogo, lakini lina utu wote uliokuwamo kwenye lile la kwanza. Mama anajua afanye nini usiku ule, nani atampigia na lini. Anajua pia lile ambalo hatulijui. Sentensi mbili za mwisho zinahitaji jicho. "Tunza risiti" peke yake husikika kama "tutakurudishia", kwa hiyo lazima ifuatwe na maneno yanayoirudisha risiti kwenye uamuzi.

Mteja hataishia hapo. Atakupigia, na swali litabadilika sura: "Basi mwanangu, usiniandikie, niambie tu kwa mdomo, wewe unaonaje?" Mtego huu ni mgumu kwa sababu umevaa heshima na undugu. Maoni yako ya binafsi kwenye simu ya kazi si ya binafsi. Mjibu hivi: "Mama, nikikwambia ninavyoona halafu uamuzi ukawa mwingine, nitakuwa nimekudanganya. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba mkadiria atakupigia Jumatatu, na mimi nitakupigia Jumatano kukueleza tulipofika." Kisha Jumatano mpigie kweli. Mteja anayepigiwa simu siku aliyoahidiwa hana haja ya kukubembeleza umwambie unavyoona.

4. Barua ya kuhifadhi haki

Shaka mahususi ikijitokeza, "pole na tunachunguza" haitoshi tena. Hapo inaandikwa barua ya kuhifadhi haki, yaani barua inayomwambia mteja kwamba tunaendelea kulishughulikia dai, lakini kuendelea huko hakumaanishi tumeiacha sababu fulani inayoweza kulikwamisha. Barua itoke kabla ya hatua inayofuata. Kama mkadiria hasara anarudi Alhamisi kupima gari, barua itoke Jumatano.

Barua nzuri inataja mambo matatu: tulichokiona, sharti la hati linaloguswa, na tunachokifanya sasa pamoja na tarehe yake. Barua inayosema tu "haki zote za kampuni zimehifadhiwa" haimwelezi mteja chochote, na ikipelekwa mbele ya msuluhishi itaonekana ni mhuri wa kugonga kila karatasi. Kwa mfano wa Noah, mwili wa barua uwe hivi:

"Tunarejea dai lako la ajali ya Kibaha. Katika uchunguzi tumepata maelezo yanayodai kuwa gari lilikuwa limebeba abiria waliolipa nauli. Hati yako ya bima ni ya matumizi binafsi, na ina sharti linaloondoa ulinzi gari linapotumika kubeba abiria kwa malipo. Bado hatujafikia uamuzi kuhusu maelezo hayo. Tunakuomba utupe maelezo yako, kwa maandishi au kwa kufika ofisini, kabla ya tarehe ____. Wakati huohuo tutaendelea kukagua gari na kupokea nyaraka. Hatua hizo zisichukuliwe kuwa kukubali dai wala kuacha haki yoyote ya kampuni chini ya hati hiyo. Haki zako chini ya hati ya bima nazo zinabaki kama zilivyo."

Usiifute sentensi ya mwisho ukidhani ni mapambo. Inaonyesha kwamba mizani bado iko katikati. Na usiiondoe nafasi ya mteja kujieleza. Barua inayotaja tuhuma bila kuuliza upande wake ni kukataa kwa mzunguko.

Kuhusu maneno "bila kuathiri haki", ambayo wengine huyaweka chini ya kila barua kama hirizi: hayaponyi barua mbovu. Ukiandika "tutakulipa wiki ijayo" halafu chini ukaweka "bila kuathiri haki", msomaji ataamini mwili wa barua.

5. Mikono nayo husema

Unaweza kuandika kwa uangalifu wote kisha ukaahidi kwa kitendo. Ukiidhinisha makadirio ya gereji, umeahidi. Ukimpa mteja hati ya kukubali malipo aisaini "ili tusipoteze muda", umeahidi kwa sauti kubwa zaidi, kwani hati hiyo hutaja kiasi. Ukimwomba namba ya akaunti ya benki katikati ya uchunguzi, ataziona fedha katika ombi hilo. Kama fomu ya dai inaitaka namba hiyo tangu mwanzo, sawa, lakini usiiombe peke yake kwa ujumbe.

Kitendo kinachosahaulika zaidi ni kuhuisha bima. Mchunguzi ameshaleta taarifa kwamba gari la matumizi binafsi linabeba abiria. Wiki hiyohiyo tawi linapokea ada ya mwaka mpya kwa matumizi yaleyale, bila swali. Idara moja inajua, nyingine inapokea fedha, na kwa macho ya nje kampuni ni moja. Ndiyo maana siku ripoti yenye shaka inapofika, ofisa mwenye jalada ataweka alama ya kusimamisha kwenye hati hiyo katika mfumo wetu, na kutujulisha siku hiyohiyo kabla ya kumjibu mteja jambo lolote.

Kunyamaza nako ni kitendo. Mteja aliyetuarifu kwamba fundi anaanza kazi kesho, tukakaa kimya wiki mbili, anaweza kusema tuliridhia. Akikuandikia kwamba anachukua hatua kwa kutegemea malipo, mjibu siku hiyo: "Hatujatoa uamuzi wa malipo. Hatua hiyo utaichukua kwa gharama yako mpaka utakapopata uamuzi wetu wa maandishi."

6. Mipaka ya mwongozo huu

Kutoahidi si ruhusa ya kukataa mapema. "Inaonekana bima yako haihusiki na hili" ina kosa lilelile la "usijali", imegeuzwa upande tu. Inamvunja moyo mteja asilete ushahidi unaomsaidia, na siku kamati ikilikubali dai, tutakuwa tumemdanganya.

Uchunguzi vilevile usigeuzwe kichaka cha kujifichia. Mteja ana haki ya kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na kwa Msuluhishi, na lalamiko la ucheleweshaji halijibiwi kwa kusema tulikuwa tunachagua maneno. Kila dai lililo kwenye uchunguzi litapelekewa taarifa kila baada ya siku 7 za kazi, hata kama hakuna jipya. Taja kinachosubiriwa, kinatoka kwa nani na kiliombwa lini: "Tunasubiri ripoti ya mwisho ya polisi wa usalama barabarani Kibaha, tuliyoiomba tarehe ____." Sentensi hiyo ina ukweli wa kutosha kumtuliza mtu bila kumwahidi.

Mpaka wa tatu ni wa watu walioumizwa na gari la mteja wetu. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, kampuni inaweza kuwajibika kulipa hukumu aliyoipata mtu wa tatu hata pale ambapo ina ugomvi na mwenye gari. Kwa hiyo maneno tunayomwandikia mama wa Tabata kuhusu Noah yake hayafai kunakiliwa kwa familia ya majeruhi. Barua yoyote inayohusu kifo au kuumia kwa mtu wa tatu ipitie kwanza kwa wanasheria wetu. Wewe mpe pole, mpe namba ya jalada na jina la anayelishughulikia.

7. Kabla ya kubonyeza "tuma"

Soma jibu lako mara moja zaidi, si kwa jicho lako, bali kwa jicho la mtu ambaye gari lake limelala gereji na ana deni la vikoba. Jiulize: akilisoma hili, ataamka kesho akafanye nini? Kama jibu lako litamfanya alipe fundi, auze kitu au akope, na uamuzi haujatoka, lirudie. Kisha jiulize kama kila "-ta-" uliyoiandika unaweza kuitimiza wewe mwenyewe bila kumsubiri mtu wa kamati. Ile usiyoweza kuitimiza, ifute.

Kama ahadi imeshatoka, usifute ujumbe. Kuufuta hakuuondoi kwenye simu ya mteja, na kunatufanya tuonekane wenye hila. Tupigie siku hiyo, tuandike pamoja barua ya kurekebisha, fupi na ya kukiri: tulikuandikia hivi, ilikuwa mapema, ukweli wa sasa ni huu, tafadhali usichukue hatua ya gharama kabla ya uamuzi. Mteja aliyerekebishiwa kauli saa mbili baadaye huwa bado hajakopa. Aliyerekebishiwa wiki mbili baadaye ameshakopa.

Mteja akikuuliza "nitalipwa?" na uchunguzi haujaisha, jibu la kweli ni moja: bado hatujui, tunachosubiri ni hiki, na siku fulani nitakupigia. Liandike hivyo, na siku hiyo ikifika mpigie.